Hesabu Saa Kwanza, Ndipo Upange Wiki

Muhtasari wa moduli ni karatasi ambayo wanafunzi wengi wa jioni huikunja mara mbili, wakaisahau mwishoni mwa daftari hadi mwalimu atakapotaja tarehe ya jaribio. Katika madarasa ya jioni niliyofundisha, Shinyanga kwanza na Geita baadaye, nimewaona watu wazima wenye akili na bidii wakishindwa mitihani. Somo lenyewe halikuwashinda. Walichokosa ni kuketi mapema na karatasi ile kuona inawadai saa ngapi, na wao wana saa ngapi za kulipa.

Makala hii inahusu hesabu hiyo. Nitachukua mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho: mtunza stoo wa kampuni ya ukandarasi mjini Geita, mwenye mke na watoto wawili, anayesoma stashahada ya uhasibu jioni. Mazingira yake ni ya wengi ninaowafahamu, na hesabu zake unaweza kuziondoa ukaweka zako.

Deni: muhtasari unakudai saa ngapi

Vyuo vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, hupima moduli kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo si za darasani peke yake. Ndani yake mna kipindi cha mwalimu, kusoma peke yako, kazi za nyumbani, majaribio na maandalizi ya mtihani. Kwa hiyo moduli ya krediti 12 inakudai saa 120 kwa muhula mzima.

Hapo ndipo wengi hushtuka. Mzigo wa kawaida wa mwaka mzima wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200. Ukiugawa katika mihula miwili ya wiki 16, kila wiki inadai saa 37 na nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kuwa kikomo cha kazi ya kawaida kwa wiki, nje ya saa za ziada. Ukijumlisha hizo mbili unapata saa 82 na nusu kabla hujapanda daladala, hujala wala hujaongea na mwanao. Ndiyo sababu jambo la kwanza la kuuliza chuoni, kabla hata ya kulipa ada, ni kama mwanafunzi wa jioni anaruhusiwa kuchukua moduli chache kwa muhula na kumaliza kozi kwa muda mrefu zaidi.

Mtunza stoo wetu aliuliza, akaruhusiwa. Muhula huu ana moduli nne: uhasibu wa gharama krediti 12, uhasibu wa fedha krediti 12, sheria ya biashara krediti 8 na matumizi ya kompyuta krediti 8. Jumla ni krediti 40, sawa na saa 400.

Sasa atoe saa za darasani. Anaingia darasani Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa 11:30 jioni hadi saa 2:30 usiku, jioni moja kwa kila moduli. Hizo ni saa 3 kwa wiki kwa kila moduli, na kwa wiki 16 zinakuwa saa 48. Uhasibu wa gharama unabaki na deni la saa 72 za kusoma peke yake, uhasibu wa fedha vilevile 72, sheria 32 na kompyuta 32. Jumla ni saa 208. Ukigawa kwa wiki 16, anadaiwa saa 13 kila wiki nje ya darasa.

Andika namba yako juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Bila hiyo, ratiba yoyote utakayochora ni michoro tu.

Kipato: saa ulizonazo kweli

Mwulize mfanyakazi ana saa ngapi za kusoma, atakutajia wiki ambayo hajawahi kuiishi. Mtunza stoo alitaja alfajiri nne za saa moja moja, Ijumaa jioni saa 3, Jumamosi alasiri saa 4 na Jumapili saa 4. Jumla 15. Kwa hesabu hiyo deni la saa 13 linalipika, na chenji inabaki.

Nilimwomba afanye jambo ambalo namwomba kila mwanafunzi: asipange chochote kwa wiki mbili, aandike tu. Kila siku kabla ya kulala aandike saa ambazo angeweza kuketi na daftari bila kuitwa, macho yakiwa mazima. Wiki ya kwanza alipata saa 10. Wiki ya pili kulikuwa na msiba mtaani na mzigo wa vipuri uliofika stoo Ijumaa jioni, akapata saa 8. Wastani ni saa 9.

Usijaribu kuijadili namba hiyo. Usiseme wiki ile haikuwa ya kawaida, kwa kuwa huku kwetu msiba, harusi, mgonjwa na umeme kukatika ndiyo kawaida yenyewe. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, na hapa kenda yenyewe ndiyo hiyo mkononi. Panga kwa saa 9.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nililipia mimi mwenyewe. Nilipokuwa nasoma jioni huku nikifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, ratiba yangu ya muhula wa kwanza ilikuwa ya saa 18 kwa wiki. Kila Jumapili nilikuta nimefanya saa 8 au 9, nikahamishia zilizobaki wiki iliyofuata. Kufikia wiki ya saba nilikuwa nadaiwa saa nyingi kiasi kwamba nikiona daftari natafuta kazi nyingine ya kufanya. Saa 8 zile zilitosha kufaulu moduli mbili kama ningezipanga kama saa 8. Nikazitawanya juu ya moduli tano, nikarudia tatu.

Pengo, na namna ya kuliziba

Deni ni saa 13, kipato ni saa 9. Pengo ni saa 4 kwa wiki, saa 64 kwa muhula. Pengo la namna hii lina njia chache za kuzibwa, na kukesha si mojawapo. Mtu aliyeamka saa 10 alfajiri akafanya kazi kutwa akirefusha usiku hadi saa 6, anachosoma usiku huo hakikai, na kesho yake darasani anasinzia. Anakuwa amepoteza saa 3 za mwalimu kwa kutafuta saa 2 zake.

Njia ya kwanza ni kuuliza: ni nini ninachokijua tayari? Krediti hukadiriwa kwa mwanafunzi anayeanza. Mtunza stoo anafungua jedwali la kompyuta kila siku ya kazi, anajumlisha safu, anapanga orodha, anachapisha ripoti. Moduli ya kompyuta inamdai saa 2 kwa wiki, lakini nusu saa inamtosha kwa yale machache asiyoyajua. Hapo ameokoa saa 1 na nusu. Ahakikishe hajidanganyi: achukue mtihani wa mwaka uliopita wa moduli hiyo wiki ya kwanza na kuujibu. Akipata nusu ya alama kabla ya kufundishwa, punguzo hilo ni halali.

Zinabaki saa 2 na nusu kwa wiki, yaani saa 40 kwa muhula. Hizi anazikata kwenye ratiba ya wiki: nusu saa kutoka sheria, saa moja moja kutoka kila moduli ya uhasibu. Kisha anazitafuta pengine. Sheria ya ajira niliyoitaja inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Wengi huzimaliza zote kwa safari ya nyumbani mwezi wa Desemba. Mtunza stoo aliomba siku 5 za likizo yake ziangukie wiki ya mwisho kabla ya mitihani, na aliomba katika wiki ya pili ya muhula, wakati bosi wake bado angeweza kupanga nani atashika stoo. Siku 5 kwa saa 6 kila siku ni saa 30.

Saa 10 zilizobaki amezipata kazini, katika mapumziko ya mchana: dakika 20 baada ya kula, mara mbili kwa wiki. Kwa wiki 16 ni saa 10 na zaidi kidogo. Dakika 20 hazitoshi kutatua swali la hesabu, kwa hiyo asijaribu hesabu huko. Zinatosha kabisa kwa sheria: kufunika daftari na kutaja kwa sauti ya chini masharti ya mkataba halali, kisha kufunua na kuona alichosahau.

Kama baada ya hayo yote pengo lako bado linazidi saa 2 kwa wiki, ahirisha moduli moja. Iahirishe katika wiki za mwanzo, kwa barua, kwa utaratibu wa chuo. Anayeacha moduli wiki ya kumi huwa ameshaipa saa ambazo zingemfaulisha katika nyingine.

Wiki yenyewe

Sasa ratiba inaweza kuchorwa. Mtunza stoo anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, na Jumamosi hadi saa 7 mchana. Saa zake 9 amezipanga hivi:

- Jumanne, saa 11 hadi 12 alfajiri: uhasibu wa gharama
- Jumatano, saa 11 hadi 12 alfajiri: uhasibu wa fedha
- Alhamisi, saa 11 hadi 12 alfajiri: sheria ya biashara
- Ijumaa, saa 10:30 hadi 11 jioni, akiwa bado kazini kwa ruhusa ya bosi: kompyuta
- Jumamosi, saa 9 hadi 11:30 alasiri: uhasibu wa gharama
- Jumapili, saa 9 hadi 11:30 alasiri: uhasibu wa fedha, kisha nusu saa ya sheria

Tazama alfajiri zile zilivyokaa. Jumatatu jioni ana darasa la uhasibu wa gharama, na Jumanne alfajiri anakutana na somo hilohilo kabla halijapoa. Saa hiyo moja ina kazi moja: kurudia kwa mkono mfano ambao mwalimu alifanya ubaoni, bila kuutazama. Ukisubiri hadi Jumamosi, saa nzima ya kwanza itaishia kukumbuka tu kilichosemwa.

Vipindi virefu vya Jumamosi na Jumapili ni vya maswali. Hesabu za uhasibu huhitaji saa mbili mfululizo kwa sababu swali moja la mtihani huchukua dakika 30 hadi 40, na unahitaji kufanya angalau mawili, kusahihisha na kurudia ulipokosea. Ndiyo maana hakukata vipande vya nusu saa kwa masomo haya.

Ijumaa jioni ameiacha wazi makusudi. Ni akiba. Umeme ukikatika Jumatano alfajiri, au mtoto akiugua Jumamosi, kipindi kilichopotea kina pa kwenda. Kama wiki imekwenda salama, Ijumaa ni ya familia, na familia iambiwe hivyo. Nyumba ikijua kwamba Jumamosi saa 9 baba hapatikani lakini Ijumaa jioni yupo, yenyewe itakusaidia kuilinda Jumamosi.

Kugawa saa za moduli moja

Ratiba ya wiki inakuambia lini, bado hujajua nini. Turudi kwenye muhtasari wa uhasibu wa gharama. Saa 3 na nusu kwa wiki kwa wiki 16 ni saa 56. Muhtasari unaonyesha mada sita na saa za darasani za kila moja: uainishaji wa gharama saa 6, malighafi na stoo saa 9, gharama za wafanyakazi saa 6, mgawanyo wa gharama zisizo za moja kwa moja saa 12, gharama za kazi maalumu na za mchakato saa 9, na uhusiano wa gharama, ujazo na faida saa 6. Jumla 48.

Saa za darasani ndicho kipimo bora ulichonacho cha uzito wa mada, maana mtungaji wa mtihani hutazama uzito huohuo. Anza kwa kuipa kila mada saa moja yako kwa kila saa moja ya mwalimu. Hapo umetumia 48 kati ya 56, na 8 zinabaki kwa mitihani iliyopita, zile pasti pepa zinazouzwa stesheneri jirani na chuo.

Kisha rekebisha kwa kujipima. Mtunza stoo anajua kadi ya bidhaa, anajua kutoa kwanza kilichoingia kwanza, anajua kiwango cha kuagizia upya; ndiyo kazi yake ya kila siku. Mada ya stoo ameishusha kutoka saa 9 hadi 5. Zile 4 amezipeleka kwenye mgawanyo wa gharama, ambayo sasa ina saa 16. Jumla inabaki 48. Hakuongeza hata dakika, lakini amehamisha saa kutoka panapomfurahisha kwenda panapomuuma. Watu wazima huvutwa na mada wanayoijua, kwa sababu inawapa raha ya kupata alama. Saa zilizotumiwa hapo huonekana nyingi daftarini, ila katika matokeo hazionekani.

Mwisho, chukua kalenda uandike tarehe za tathmini zote za moduli zote kwenye ukurasa mmoja. Katika mfano huu kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Majaribio ya kwanza ya moduli zote nne yanaangukia wiki ya 6 na ya 7. Kwa hiyo wiki ya 5 haianzi kitu kipya nyumbani, inarudia yaliyopita. Hilo linaonekana tu ukiwa na ukurasa mmoja, kwa sababu mihtasari minne iliyotengana haiwezi kukuonyesha jam iliyoko mbele.

Saa moja inafananaje ndani

Chukua Jumamosi ya wiki ya 8, mwanzoni mwa mada ngumu ya mgawanyo wa gharama. Saa 9 kamili anaketi, simu iko chumba kingine. Swali linahusu eneo la kusagia na kuchenjulia mawe ya dhahabu lenye idara mbili: karasha lina mita za mraba 300, uchenjuaji una mita 100. Pango la mwezi ni shilingi 1,200,000. Gharama nyingine ni bima ya mitambo na chakula cha wafanyakazi.

Anaanza bila kufungua daftari. Pango anagawa kwa eneo: karasha linabeba robo tatu, yaani 900,000, uchenjuaji 300,000. Bima anaigawa kwa eneo pia, chakula vilevile. Anamaliza kwa dakika 25, anafungua majibu, na anakuta amekosea mawili. Bima hugawiwa kwa thamani ya mitambo, chakula kwa idadi ya wafanyakazi, kwa sababu kila gharama hugawiwa kwa kile kinachoisababisha.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi huiruka. Katika kurasa za nyuma za daftari ana orodha ya makosa. Anaandika: "Nimegawa bima kwa eneo, bima inafuata thamani ya mitambo." Kisha anafanya swali lilelile upya toka mwanzo, na baada yake swali lingine la aina hiyo. Jumanne alfajiri inayofuata, kabla ya jambo lolote, anasoma mistari mitatu ya mwisho ya orodha hiyo.

Kusoma daftari na kupigia mistari kwa kalamu ya rangi kunakufanya ujione unaelewa, kwa sababu maneno unayatambua. Mtihani hauulizi kama unayatambua. Kwa hiyo kipimo cha kila kipindi kiwe hiki: nimefanya nini leo bila kutazama? Kama jibu ni hakuna, kipindi hicho kisihesabiwe kwenye zile saa 9.

Kwa wenye zamu, na wenye mashamba

Ukanda huu una watu wengi ambao wiki yao haianzi Jumatatu. Migodini zamu ya saa 12 ni jambo la kawaida, na mtu hubadilishwa kutoka mchana kwenda usiku. Mtu huyo asichore ratiba ya wiki. Achore ratiba ya mzunguko wa zamu yake. Aandike siku zote za mzunguko mmoja, kisha azigawe katika aina tatu: siku za zamu ya mchana, siku za zamu ya usiku, na siku za mapumziko.

Siku za zamu ya mchana azihesabu kuwa na nusu saa tu, au sifuri. Baada ya zamu ya usiku asisome kabla ya kulala. Atoke, ale, alale, na kama ana saa moja iwe baada ya kuamka, kabla ya kwenda kazini. Mzigo wote mzito uwe siku za mapumziko, isipokuwa ile ya kwanza inayofuata usiku wa mwisho, ambayo ni ya usingizi. Darasa atalikosa baadhi ya jioni, hilo haliepukiki. Kwa hiyo kabla ya kujisajili auombe uongozi wa chuo umwambie ni asilimia ngapi ya mahudhurio inatakiwa ili kufanya mtihani, aihesabu dhidi ya zamu zake za muhula mzima. Ikimkatalia, masomo ya mbali ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye vituo mikoani, yanaweza kumfaa kuliko darasa la jioni ambalo atalifikia nusu.

Wanaofanya kazi kwenye maduara na mialo hawana hata zamu. Siku ya kupandisha mawe au ya kuchenjua huwezi kuondoka hadi kazi iishe. Kwao nashauri kuhesabu saa kwa mwezi: saa 36 badala ya 9 kwa wiki, na kila wiki kutazama zimebaki ngapi. Wiki ya karasha iwe na saa 3, wiki tulivu iwe na saa 15. Kuna hatari moja: wiki tulivu ikija bila kazi iliyoandikwa tayari, hupita hivihivi. Orodha ya maswali ya kufanya iwe imeandikwa kabla.

Na kwa wote wenye shamba Kishapu, Kahama au Sengerema: mvua zetu huanza karibu na Novemba na kwenda hadi Aprili. Muhula ukikutana na msimu huo, wiki za kupanda na za palizi zitakula Jumamosi zako. Zitie alama kwenye kalenda siku ileile unayotia alama majaribio, na kipato cha wiki hizo ukiandike kwa nusu. Kama unaweza kumlipa kibarua wa palizi wiki mbili zinazogusa jaribio, linganisha malipo yake na ada ya kurudia moduli.

Dakika 15 za Jumapili

Ratiba hii inahitaji kukaguliwa mara moja kwa wiki, Jumapili jioni. Mtunza stoo hujibu maswali matatu kwa maandishi. Nimefanya saa ngapi kati ya 9? Ni mada gani niliweza swali lake bila kutazama? Kipindi gani kilipotea, na kilipotelea wapi?

Majibu ya wiki moja hayasemi kitu. Ya wiki tatu husema mengi. Ukiona kipindi kilekile kimepotea mara tatu mfululizo, tatizo ni saa uliyochagua, si uvivu; kihamishe. Ukiona jumla imekuwa 6 kwa wiki tatu, kipato chako kimeshuka na lazima mada zipunguzwe kwa kuchagua, kabla uchovu haujakuchagulia. Ukiona saa zote 9 zimetimia lakini huna swali hata moja uliloweza bila kutazama, unasoma vibaya, na kuongeza saa hakutasaidia. Na moduli ambayo hujaigusa wiki mbili, hata ile unayoiona rahisi, ipewe Ijumaa jioni ya wiki inayofuata bila mjadala.

Deni la wiki iliyopita lisihamishwe lote. Kilichokosa nafasi Ijumaa, chagua swali moja lililo muhimu kuliko yote ulifanye, mengine yafute. Saa 8 zilizotengwa kwa mitihani iliyopita zitakukutanisha nayo tena.

Mtunza stoo anapofunga daftari lake Jumapili, huwa ameandika mstari mmoja wa mwisho: swali gani atafungua nalo Jumanne saa 11 alfajiri, ukurasa gani, namba gani. Taa ya sola ameshaichaji, karatasi iko mezani, kalamu juu yake. Alfajiri ile hana la kuamua. Anaketi na kuanza.